Benki inaniuzia kikomo cha riba kwa dola 6,500. Ninunue?

*Hujambo Mshauri. Nina shamba la waridi hapa Subukia na maua yetu tunauza kwa dola. Tarehe 15 Septemba tulichukua mkopo wa dola 1,200,000 wa kujenga grinihausi na chumba baridi, tuulipe kwa miaka 3. Kila robo mwaka, tarehe 15, tunalipa dola 100,000 za deni lenyewe pamoja na riba. Riba ni SOFR ya miezi 3, kile kiwango cha soko cha riba za dola, jumlisha asilimia 4. SOFR ikiwa kama asilimia 4, tunalipa 8. Ikifika jumla ya 9 tutajibana lakini tutalipa. Ikifika 11, sijui.*

*Sasa benki inataka kutuuzia kikomo cha riba kwa dola 6,500, tulipe zote mwanzoni. Karatasi yao inasema: kikomo asilimia 5, kiasi dola 1,200,000, vipindi 11, kuanzia mwisho wa Desemba na kila mwisho wa robo. Mhasibu wangu anauliza mbona vipindi 11 na robo zetu ni 12. Shemeji yangu anasema ni pesa ya kutupa, kwa kuwa riba isipopanda hatutarudishiwa chochote. Mimi nilidhani hii ni bima moja tu ya mkopo mzima. Nisaidie.*

*Mama Waridi, Subukia*

Dada yangu wa Subukia,

Usitie sahihi wiki hii. Kikomo chenyewe ni kitu kizuri kwa shamba kama lako, ila karatasi uliyopewa imeandikiwa mkopo usio wako. Utaliona hilo vizuri ukishaacha kukifikiria kama bima moja.

Kwanza neno lenyewe, maana hapa kwetu linachanganya. Ukisema kikomo cha riba, wengi wanakumbuka sheria ya 2016 iliyozuia benki kutoza zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, sheria iliyoondolewa Novemba 2019. Ile ilikuwa amri ya serikali. Unachouziwa wewe ni mkataba kati yako na benki. Haukatazi riba kupanda. Mkopo wako utaendelea kutozwa SOFR jumlisha 4 hata ikifika wapi, na mkataba huu wa pembeni ndio utakaokurudishia sehemu iliyozidi.

Mkataba huo ni msururu wa mikataba midogo iliyofungwa pamoja, kama shanga kwenye uzi mmoja. Kila robo mwaka ina shanga yake. Watu wa hazina za benki huita kila shanga opsheni, yaani haki unayoinunua bila kufungwa na wajibu: kitu fulani kikitokea unalipwa, kisipotokea huna deni na mtu. Karatasi yako ina opsheni 11. Kila moja ina tarehe yake ya kusoma SOFR, kiasi chake cha kukokotolea, tarehe yake ya malipo na bei yake. Dola 6,500 ulizoandikiwa ni jumla ya bei hizo 11 pamoja na faida ya benki.

Mhasibu wako amejibiwa hapo hapo. Robo ya kwanza, kuanzia 15 Septemba hadi 15 Desemba, SOFR yake ilishasomwa mlipochukua mkopo. Inajulikana, haiwezi kupanda wala kushuka tena, na kitu kisichoweza kubadilika hakina haja ya kinga. Shanga zinaanzia robo ya pili. Kumi na moja ni sahihi, na mngeandikiwa 12 ningeuliza mnachotozwa ni nini.

Sasa chukua shanga moja tuitazame kwa karibu. Tuseme robo ya 6, inayoanza 15 Desemba ya mwaka ujao hadi 15 Machi, siku 90. Wakati huo mtakuwa mmeshalipa awamu 5, deni limebaki dola 700,000. SOFR ya miezi 3 husomwa siku 2 za kazi kabla ya robo kuanza. Tuseme imesomwa asilimia 6.2. Kwenye mkopo mtatozwa 6.2 jumlisha 4, yaani asilimia 10.2. Mikopo ya dola huhesabu mwaka kuwa siku 360, kwa hiyo riba ya robo hiyo ni 700,000 × 10.2% × 90/360 = dola 17,850. Upande wa pili, SOFR imepita kikomo kwa asilimia 1.2, na shanga ya robo hiyo, ikiwa imeandikwa kwa deni la kweli, inakulipa 700,000 × 1.2% × 90/360 = dola 2,100. Ukitoa, umelipa dola 15,750. Piga hesabu uone: hiyo ni asilimia 9 kamili ya dola 700,000 kwa siku 90. Ndipo pale pale ulipoandika kwamba mtajibana lakini mtalipa. Kwa hiyo kikomo cha asilimia 5 kimechaguliwa vizuri, sina ugomvi nacho.

Huhitaji kuandika barua ya kudai. Kiwango kikisomwa juu ya 5, malipo yanajulikana siku hiyo hiyo, na pesa zinaingia robo inapoisha.

Robo ya 7 ikija, tuseme SOFR imerudi asilimia 3.8. Shanga ya robo hiyo inakufa bila kulipa, na wewe unalipa asilimia 7.8 tu kwa benki. Angalia vizuri hapo: wastani wa robo hizo 2 ni asilimia 5 kamili. Ingekuwa bima moja inayotazama wastani wa mkopo mzima, isingekulipa hata senti. Kwa kuwa kila shanga inasimama peke yake, ulilipwa dola 2,100 robo mbaya, na robo nzuri hakuna aliyekuja kukunyang'anya unafuu wako. Hili ndilo unalolinunua. Shamba la maua halifi kwa wastani wa miaka 3. Linakwama robo moja ambayo awamu imeiva na akaunti ni tupu.

Hapo pia ndipo ninapomjibu shemeji. Ni kweli, SOFR isipopita 5 hamtarudishiwa ada. Lakini kila shanga inayokufa bila kulipa ni robo ambayo mmelipa riba ya chini ya asilimia 9. Mngeweza kufunga riba moja ya kudumu kwa mkataba wa kubadilishana riba, bila kulipa ada mwanzoni, ila SOFR ikishuka hadi 2 mngeendelea kulipa kile mlichofungia. Ada ya kikomo ndiyo bei ya kuacha mlango wa chini wazi. Na mlango wa juu si hadithi: Machi 2022 benki kuu ya Marekani ilikuwa na kiwango cha kati ya 0 na 0.25, na kufikia Julai 2023 ilikuwa 5.25 hadi 5.50. Miezi 16 tu. Waliokuwa na mikopo ya dola isiyo na kinga waliiona riba yao ikipanda robo baada ya robo.

Sasa tuje kwenye kasoro, na hii ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa urefu.

Karatasi yako inasema kiasi ni dola 1,200,000, basi. Maana yake kila shanga kati ya zile 11 imeandikwa kwa dola 1,200,000. Lakini deni lako linapungua kwa 100,000 kila robo. Robo ya 2 utadaiwa 1,100,000, ya 6 utadaiwa 700,000, na ya 12 utadaiwa 100,000. Robo hiyo ya mwisho benki inakuuzia kinga ya dola 1,200,000 juu ya deni la 100,000. Mara 12 ya unachohitaji.

Ungeweza kusema, basi nitalipwa zaidi riba ikipanda, kuna ubaya gani? Ubaya uko kwenye bei, kwa sababu shanga hazina bei sawa. Ya karibu ni rahisi, ya mbali ni ghali. SOFR ikiwa 4 leo, kufika juu ya 5 ndani ya miezi 3 ni safari ndefu kwa muda mfupi, na shanga ya robo ya 2 karibu haina thamani. Lakini miaka 2 na miezi 9 ni muda wa kutosha kwa mengi kutokea, kwa hiyo anayeuza shanga ya robo ya 12 anabeba hatari kubwa zaidi na anaitoza.

Nimekaa na hesabu hii kwa fomula ya kawaida ya kupanga bei za opsheni, nikachukua kwamba soko linatarajia SOFR ibaki kama 4 na kwamba kwa mwaka inaweza kuyumba kwa kiasi cha asilimia 1 juu au chini. Soko likitarajia vingine, namba zitabadilika, lakini umbo litabaki. Kwa kila dola 100,000 za kinga, shanga ya robo ya 2 inatoka kama dola 1. Ya robo ya 7 inatoka kama dola 34. Ya robo ya 12, kama dola 62.

Zidisha sasa kwa deni. Ukifuata deni lako la kweli, shanga ya robo ya 2 ni ya dola 1,100,000 lakini ni rahisi, kwa hiyo inagharimu kama dola 12. Ya robo ya 7 ni ya dola 600,000, inagharimu kama dola 200. Ya robo ya 12 ni ghali lakini ni ya dola 100,000 tu, kwa hiyo dola 62. Katikati ndiko kwenye mlima, huku mwanzo na mwisho ni chini. Jumla ya zote 11 ni kama dola 1,460.

Ukiandika kila shanga kwa dola 1,200,000 kama karatasi yako ilivyo, ile ya robo ya 12 peke yake inafika kama dola 750. Shanga moja hiyo ni nusu ya kile ambacho msururu wako wote ungegharimu. Na jumla inapanda hadi kama dola 4,300. Juu yake benki inaweka faida yake na gharama za kuandaa mkataba, ndipo ukaletewa 6,500.

Simwambii mtu kwamba umeibiwa. Mara nyingi afisa wa mikopo hutuma ombi kwa watu wa hazina akiandika kiasi cha siku ya kwanza, nao wanapanga bei ya kile walichoulizwa. Nilifanya kazi ya namna hiyo kwa miaka, na karatasi nyingi zilizonipitia ziliandikwa hivyo hivyo, jedwali la mkopo likiwa limelala kwenye faili nyingine. Sitegemei pia bei mpya ishuke hadi 1,460, kwa kuwa gharama za kuandaa mkataba hazipungui kwa sababu deni ni dogo. Lakini kati ya 6,500 na bei ya msururu unaofuata deni lako kuna pesa ya mishahara ya watu hapo.

Kasoro ya pili ni tarehe. Mkopo wako unasoma SOFR katikati ya mwezi na unadai riba tarehe 15. Kikomo kinasoma na kulipa mwisho wa mwezi. Rudi kwenye ile robo ya 6. Riba ya dola 17,850 itadaiwa 15 Machi, na dola zako za kikomo zitaingia mwisho wa Machi. Kwa wiki 2 hivi utakuwa umezitoa mfukoni, katika ile robo ambayo ulinunua kinga ili usizitoe. Kibaya zaidi ni siku ya kusoma SOFR. Benki kuu ya Marekani mara nyingi hukutana katikati ya Desemba. Mkopo wako unaweza kusomwa 5.3 kabla ya mkutano, halafu kiwango kikashushwa, na kikomo kikasomwa 4.9 mwisho wa mwezi. Umetozwa juu ya kikomo chako na shanga imekufa. Mikataba yote 2 imefanya kazi kama ilivyoandikwa, wewe ndiye uliyebaki katikati.

Hakikisha pia ni SOFR ile ile. Mkopo wako unatumia SOFR ya miezi 3 inayotangazwa mwanzoni mwa kipindi. Ipo nyingine inayokusanywa siku kwa siku na kujulikana kipindi kikiisha. Majina yanafanana, namba hazifanani, hasa riba zinapokuwa kwenye mwendo. Neno kwa neno, jina la kiwango kwenye kikomo liwe lile lililo kwenye mkataba wa mkopo.

Kuna kitu kikomo hakigusi kabisa, nacho ni ile asilimia 4 ya benki. Mkataba wa mkopo ukiwaruhusu kuipandisha kuwa 6, utalipa 6 na hakuna shanga itakayolia. Tafuta kifungu hicho usiku wa leo. Na mkiuza vizuri msimu wa Februari mkaamua kumaliza mkopo mapema, shanga zilizobaki bado ni mali yenu kwa kuwa mmeshazilipia. Zinaweza kuuzwa tena kwa benki kwa bei ya siku hiyo, mradi mkataba hausemi kwamba zinakufa pamoja na mkopo. Hilo nalo lisome.

Basi fanya hivi. Mwambie mhasibu achapishe jedwali la mkopo, mistari 12: tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, deni lililobaki. Afute mstari wa kwanza. Ile mistari 11 iliyobaki ndiyo uipeleke benki, uwaambie: nipangieni bei ya kikomo cha asilimia 5 kinachofuata mistari hii, tarehe kwa tarehe, na mnionyeshe bei ya kila mstari. Wakikupa jumla tupu, omba tena. Anayeuza hawezi kupata jumla bila kuwa na mistari, kwa hiyo mistari anayo. Peleka jedwali hilo hilo kwa benki ya pili, asubuhi ile ile, kwa sababu bei hizi hubadilika na ya Jumatatu huwezi kuilinganisha na ya Alhamisi. Muulize kwanza benki aliyekukopesha kama mkataba wa mkopo unakuruhusu kununua kikomo kwa mwingine.

Zikirudi, angalia umbo kabla ya jumla. Bei zianze ndogo, zipande katikati, zishuke mwishoni. Ukiona mstari wa robo ya 12 ndio mkubwa kuliko yote, bado wamekuandikia 1,200,000.

Mistari ikikubaliana na jedwali lako na bei ikawa ya kuridhisha, mimi ningenunua. Nitumie karatasi mpya ikifika, tuipitie pamoja kabla ya 15 Desemba, maana siku 2 za kazi kabla ya hapo ndipo shanga yako ya kwanza inaposomwa.